Kadi Ikikataa Ng'ambo ya Songwe

MWAMBAO WA NYASA
Na Tumaini Mwakyoma

Mfanyabiashara wa mchele wa Kyela anavuka mpaka pale Kasumulu hadi Karonga, Malawi, kununua vipuri vya mashine ya kukoboa. Anachomeka kadi, anabonyeza namba ya siri, na mashine inatoa kikaratasi: `05 DO NOT HONOUR`. Salio lipo, kaliangalia asubuhi kwenye simu. Mwenye duka anamwambia ajaribu tena. Anajaribu mara ya pili na ya tatu, huku watu walio nyuma yake wakimtazama kama tapeli.

Mwenye duka hana kosa, wala mashine yake. Ombi la malipo hutoka dukani kwenda benki ya mwenye duka, likapitia mtandao wa Visa au Mastercard, hadi benki iliyotoa kadi huku kwetu. Kwa kawaida hiyo ndiyo inayokataa. Upungufu wa salio una namba yake, 51. Namba ya siri ikikosewa ni 55, na kadi iliyokwisha muda ni 54. Namba 05 ni kukataa bila kutaja sababu. Hata hivyo, zipo benki zinazorundika mambo mengi humo, kwa hiyo salio liangaliwe kwanza.

Kwa anayevuka mpaka, sababu ya kushuku mapema ni nchi. Ombi hubeba alama ya nchi lilikotoka. Kadi iliyozoea Kyela mjini ikiomba malipo ghafla kutoka Malawi, mfumo wa kuzuia wizi unaweza kuikataa. Huenda pia matumizi ya nje hayajafunguliwa, au kiwango cha siku kimevukwa. Kurudiarudia kunamfanya mteja afanane na mwizi anayebahatisha, na kadi inaweza kufungwa kabisa.

Kwa hiyo akikataliwa, aache. Atunze kikaratasi, kisha apige namba iliyo nyuma ya kadi. Ataje saa, kiasi, duka na tarakimu nne za mwisho za kadi, halafu aulize: ombi limefika kwenu? Ni kanuni gani imelizuia? Mkiiondoa, nijaribu lini? Namba ya siri asimpe mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa wa benki. Ombi likiwa halikufika kabisa, hapo ndipo mwenye duka aulize benki yake. Na safari ijayo, aombe kadi ifunguliwe kwa Malawi kabla ya kuondoka.

Lakini mzigo huu usiwe wa mteja peke yake. Kumficha mwenye duka sababu ni sawa, kwani huenda aliyeshika kadi kaiiba. Mwenye akaunti hastahili kufichwa. Benki inayomtumia ujumbe kila inapomkata makato inaweza pia kumwandikia: "Tumezuia malipo ya Karonga, tupigie." Akinyimwa jibu tawini, apeleke malalamiko kwa maandishi, na yasiposhughulikiwa ayafikishe Benki Kuu, yenye tawi Mbeya.