Umesimamishwa kazi Dubai? Nusu mshahara bado ni yako

Fundi akisimamishwa kupisha uchunguzi, anaambiwa akakae kambini, hakuna hela. Hapana! Sheria ya Kazi ya Falme za Kiarabu, namba 33 ya 2021, inaruhusu kumsimamisha siku zisizozidi 30 na kuzuia nusu ya mshahara tu. Tuseme unalipwa dirham 1,200, umekaa nje siku 20. Siku hizo ni dirham 800, unapewa 400. Ukionekana huna kosa, au ukaishia kupewa onyo, ile 400 iliyozuiwa unarudishiwa. Ndiyo maana nasema usisaini karatasi ya “likizo bila malipo”, maana hapo unaonekana umeomba mwenyewe. Mgomo je? Sheria hiyo haikupi haki ya kugoma, kwa hiyo usiutegemee mshahara. Dada wa nyumbani, nyie mna sheria yenu. Hesabu hii haiwahusu.