Mwili Kupoa Siyo Kupona

Julai iliyopita, kwenye msiba mmoja juu ya Soni, msemaji wa familia alisimama akatueleza kwamba marehemu alikuwa ameshapata nafuu. Homa ilishuka, mikono ikapoa, kisha Mungu akamchukua ghafla. Watu wakaitikia kwa kichwa. Mimi nilikasirika, na hasira hiyo haijaniisha. Hapakuwa na ghafla yoyote.

Marehemu alijikata muundi kwa jembe kwenye shamba la kabichi. Kidonda kikavimba, kikatunga usaha. Alhamisi akashikwa na homa ya kutetemeka, akauziwa vidonge vya siku mbili dukani. Jumamosi vidole vikawa vya baridi, akawa anahema mbiombio hali amelala, akamuuliza mkewe mama yake yuko wapi, mama aliyezikwa zamani. Wakamwongezea blanketi, wakamwita mtu wa kumsomea dua, maana amepandisha. Alfajiri hakuamka.

Hiyo ndiyo sepsisi. Mwili unapopambana na maambukizi ukazidiwa, mishipa ya damu hulegea na kuvuja, presha ikashuka. Damu iliyobaki hupelekwa kwenye moyo na ubongo, na mikono na miguu hunyimwa. Ndiyo maana vidole hupoa. Asidi hujaa kwenye damu, na mgonjwa huhema haraka ili aipunguze. Ubongo nao ukipungukiwa, mtu huweweseka. Mwili uliopoa namna hii unashindwa.

Najua jibu la wazee: Lushoto ni baridi, Julai kila mtu ana mikono ya barafu. Upuuzi! Mke aliyekaa chumba kilekile, pembeni ya jiko lilelile, mikono yake ilikuwa na joto. Baridi ya Usambara ilimchagua mumewe peke yake? Pasha mkono wa mgonjwa ndani ya blanketi, kisha bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, uachie. Wekundu ukichelewa zaidi ya sekunde 3, damu haifiki. Tazama kifua chake dakika nzima kwa saa: mtu mzima aliyetulia huhema mara 12 hadi 20. Ikifika 22 na kuendelea, naye ana maambukizi, hilo si la kulala nalo.

Wala usisubiri basi la asubuhi. Mgonjwa wa namna hii anahitaji dawa ya mshipa na dripu, na kila saa inayopita inampunguzia nafasi. Ukifika mapokezi usiseme “ana homa,” utapangwa foleni na wenye mafua. Sema: “Ana kidonda chenye usaha, tangu leo amechanganyikiwa, anahema mara 30 kwa dakika, mikono ya baridi, na hajakojoa tangu jana.”