Kosa Lao Halikuwa Wimbo, Lilikuwa Keja

Wasee, kuna kitu hunikera. Kila mtu akiposti kuhusu bendi zilizopinga aparthaidi kule Afrika Kusini, anaenda moja kwa moja kwa mashairi ya nyimbo. Nani aliimba nini, nani alitaja Mandela. Mimi nasema tunaangalia mahali si penyewe. Ukitaka kujua msee alikuwa na roho ngumu kiasi gani, uliza alilala wapi baada ya shoo.

Chukua National Wake. Hii ni bendi ya Johannesburg, ilianza 1979, inapiga panki iliyochanganywa na rege na fanki. Ivan Kadey, mzungu aliyesomea usanifu majengo, yuko kwa gitaa na sauti. Ndugu wawili weusi wa Soweto, Gary na Punka Khoza, wako kwa besi na dramu. Steve Moni, mzungu mwingine, akaingia baadaye kwa gitaa.

Sasa, wengi hudhani kulikuwa na sheria imeandikwa "bendi mchanganyiko marufuku." Haikuwa hivyo, na hapo ndipo ujanja wa ile serikali ulikuwa. Sheria ya maeneo ya makundi ya 1950 iligawa mji: hapa wazungu, pale weusi, kule Wahindi na machotara. Baadaye ikavutwa mpaka kwa kumbi za burudani. Kwa hivyo hakuna mtu alikuzuia kushika gitaa. Walikuzuia kuwa mahali. Mweusi akipiga kwa ukumbi wa wazungu, shida. Mzungu akiingia Soweto bila kibali, shida. Na mweusi alitembea na pasi, cousin wa kile kipande babu zetu hapa Kenya walivalishwa shingoni. Bila haki ya kuishi mjini, mwisho wako ulikuwa saa 72.

Hebu fikiria bendi inafanya kazi vipi hapo. Kupiga shoo moja ni saa mbili, unaweza kuiba. Lakini mazoezi? Bendi ya kweli inahitaji kukutana kila siku, ikosee, irudie, wagombane juu ya dramu, wale, warudie tena mpaka usiku. Na usiku Soweto ni mbali.

National Wake wakafanya kitu simple kabisa: wakahamia keja moja, Parktown, mtaa wa wazungu. Wakaishi pamoja, vyombo vikiwa hapo hapo. Na hapa kuna kitu kilinishangaza nikisoma hii stori. Mweusi kulala Parktown haikuwa ajabu. Vijakazi na watunza bustani walilala huko, kwa vyumba vya nyuma, wakiwa na karatasi za mwajiri. Punka angekuwa anakata nyasi za Ivan, sheria ingemruhusu kulala pale. Kuishi naye kama mwenzake ndiyo ilikuwa kosa. Karao walikuja kwa hiyo keja mara nyingi.

Johnny Clegg na Sipho Mchunu waliingilia mlango mwingine. Mchunu alikuwa mtunza bustani Johannesburg, akasikia kuna kijana mzungu anapiga gitaa kwa mtindo wa Kizulu, akamtafuta. Miaka mingi walipiga kwa hosteli za wafanyakazi, makanisa na vyuo vikuu, mahali ukumbi wa umma ungewakataa. Wakiwa Juluka, wakakutana na ukuta mwingine: redio ya serikali ilitenga stesheni kwa lugha, na wimbo wenye Kizulu na Kiingereza pamoja haukuwa na nyumbani. Manze, hata lugha zilikuwa na mitaa yake.

Lakini wacha niseme kitu mashabiki hawapendi. Hatari haikugawanywa sawa. Clegg alishikwa akiwa bado kijana mdogo, kweli, na simdharau. Lakini mzungu akiachiliwa alirudi kwa mtaa wake, na mji ulikuwa wake. Mchunu au Gary akishikwa, pasi yenyewe ilikuwa mezani, na bila hiyo unaweza kufukuzwa mjini kabisa. Ukisimulia hii stori ukaweka mzungu jasiri mbele na weusi nyuma kama wacheza densi, umerudisha mpangilio ule ule waliokuwa wanauvunja.

Albamu ya National Wake ilitoka 1981. Ziliuzwa kama nakala 700 tu kabla ya kampuni kuiondoa sokoni kwa presha ya serikali. Mwaka uliofuata bendi ikavunjika, na hiyo keja ikabaki keja ya kawaida. Nyimbo zao zilipotolewa upya 2013, dunia ikaanza kuwaita magwiji. Gary na Punka walikuwa wamekufa zamani.