Hongera isiyo kilemba cha ukoka

Mwenzetu akipandishwa cheo, neno la kwanza linalotutoka mara nyingi ni utani: "Mheshimiwa, sasa utatukumbuka kweli?" Tunacheka, naye anacheka, lakini tumempa kazi ya kututuliza sisi katika siku iliyokuwa yake.

Aristoteli, katika kitabu chake juu ya ufasaha, aliona kwamba kijicho huwaendea walio karibu nasi kwa umri, mahali na sifa. Ndiyo maana askofu mpya tunampongeza bila shida, ila kwa mwenzetu wa darasa moja ulimi unakuwa mzito. Mtakatifu Thoma wa Akwino naye alieleza husuda kuwa ni huzuni juu ya jema la mwingine, tunapolihesabu kuwa linapunguza heshima yetu. Basi pongezi inayojilinganisha, hata kwa mzaha, imekwisha kuionyesha huzuni hiyo.

Tuchukue walimu wawili walioajiriwa mwaka mmoja katika shule moja ya msingi. Mmoja, aliyekuwa mwalimu wa taaluma, ameteuliwa kuwa mwalimu mkuu. Mwenzake akimwandikia, "Una bahati, ndugu yangu," amefuta kwa neno moja kazi ya miaka. Akiandika, "Hakuna kama wewe wilaya nzima," amemvisha kilemba cha ukoka, na anayevishwa anajua, kwa sababu maneno hayo yangemfaa mwalimu mkuu yeyote. Sisi tungependa aandike hivi:

"Hongera, mwalimu. Nimefurahi kusikia. Nakumbuka wale watoto wa darasa la nne uliokuwa ukibaki nao jioni mpaka wakajua kusoma. Siku ya makabidhiano ukihitaji mtu wa kuhesabu nawe vitabu na madawati, niite."

Hapo hakuna sifa kubwa hata moja. Kuna jambo ambalo mwandishi aliliona kwa macho yake, na jambo ambalo yuko tayari kulifanya. Wala hajasema lolote juu yake mwenyewe.

Ugumu unakuja pale wote wawili walipokuwa wakiitaka nafasi ileile, na ofisi nzima inajua. Kunyamaza kabisa juu ya hilo kunaifanya hongera isikike ya kulazimishwa. Sentensi moja inatosha: "Unajua nami niliitaka nafasi hii, lakini hongera yangu ni ya kweli." Akiongeza ya pili na ya tatu, mwenzake ataanza kumpa pole, na mambo yatakuwa yamegeuka.

Tena asingoje. Hongera ya baada ya wiki mbili huja na maswali yake. Na kabla ya kuandika kwenye kundi la WhatsApp, ambako kila mtu anabandika maua na makofi, ampigie simu au amfuate ofisini. Mbele ya wazazi na wanafunzi atamwita "mwalimu mkuu" kuanzia siku hiyo. Wakiwa wawili kwenye chai, amwite kwa jina alilomzoea, mpaka mwenyewe aseme vinginevyo.