Mwenye Nyumba Amefariki Machakos: Kodi Alipwe Nani?

Matanga hayajaanuliwa, mpangaji anabishiwa mlango. Kijana mkubwa wa marehemu anasema kodi sasa itumwe kwa nambari yake ya simu. Wiki ya pili anakuja mke mdogo na madai yale yale. Hali hii inaweza kumkuta yeyote aliyepanga Machakos, na hata sisi huku Pwani.

Jambo la kwanza: mkataba wa upangaji haufi na mwenye nyumba. Mpangaji hafukuzwi kwa sababu ya msiba, wala hakai bure. Kodi sasa ni mali ya mirathi.

Lakini kuwa mtoto au mjane hakumpi mtu ruhusa ya kukusanya. Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 45, inakataza kugusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Kwa Waislamu, mafungu hugawanywa kisharia, ila katazo hili linawahusu pia pale lisipopingana na sharia.

Mwenye haki ya kukusanya ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama. Barua hiyo huchelewa, kwani ombi hutangazwa kwanza katika Gazeti Rasmi la Serikali na wenye pingamizi hupewa siku 30. Ikiwa kuna haraka, familia inaweza kuomba barua ya muda, ya kukusanya na kuhifadhi mali tu. Hairuhusu kugawana hata senti.

Tuchukue mfano wa nyumba ya shilingi 12,000 kwa mwezi. Mpangaji amemlipa kijana miezi 4, jumla shilingi 48,000. Kisha mahakama inamteua mjane kuwa msimamizi. Kijana anapaswa kuzirudisha fedha hizo kwenye mirathi. Akikosa, mjane anaweza kumdai mpangaji upya, kwa kuwa alimlipa asiye na mamlaka.

Kwa hiyo, anayedai kodi aonyeshe barua yenye muhuri wa mahakama na jina lake. Barua ya chifu husaidia kufungua kesi ya mirathi, lakini si idhini ya kukusanya kodi. Pasipo msimamizi, mpangaji aweke kodi kando kila mwezi na kuiandikia familia kwamba fedha zipo. Wakizidi kuvutana, anaweza kuiomba mahakama, kupitia wakili, ipokee kodi na iamue nani alipwe. Na asitume tena kwa simu ya marehemu, maana hajui imeshikwa na nani.

Familia nayo ikumbuke kwamba hata msimamizi hagawi mali yenyewe, kama nyumba, kabla barua haijathibitishwa, kwa kawaida baada ya miezi 6. Katazo hilo haligusi mapato kama kodi, lakini fedha hizo kwanza hulipia madeni, ada za ardhi na matengenezo, na hesabu yake itaulizwa.