Mizani Haikukosea: Kwa Nini Jumla Huongezeka Maradufu

Tuseme wakulima watatu wa Bariadi, mkoani Simiyu, wamepeleka pamba katika chama chao cha msingi: kilo 200, kilo 300 na kilo 300. Jedwali la mapokezi lina mistari mitatu, na jumla ni kilo 800. Kila mkulima amelipwa kwa awamu mbili. Kwa hiyo jedwali la malipo lina mistari sita. Karani ayaunganishapo majedwali hayo kwa namba ya stakabadhi, kompyuta huurudia uzito wa kila mkulima kwa kila malipo yake. Ripoti hutoka na kilo 1,600.

Wengi hukimbilia `SUM(DISTINCT kilo)`. Kwa maoni yangu, dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Jibu lake ni 500, kwani kilo 300 za wakulima wawili huhesabiwa mara moja tu, na mkulima mmoja hupotea kimyakimya.

Yafaa kwanza kuhesabu mistari kabla na baada ya kuunganisha. Mitatu ikigeuka sita, tutafute stakabadhi inayojirudia:

```
SELECT stakabadhi, COUNT(*)
FROM malipo
GROUP BY stakabadhi
HAVING COUNT(*) > 1;
```

Kisha tujumlishe malipo ya kila stakabadhi yawe mstari mmoja, ndipo tuunganishe.

Hata hivyo, idadi ya mistari pekee haitoshi. Stakabadhi ambayo haijalipwa yaweza kutoweka, na nyingine ikajirudia, mistari ikabaki mitatu. Kwa hiyo shahidi mwingine ni jumla ya jedwali la mapokezi lenyewe: kilo 800.