Masomo ya kujazia wakati wa vakansi: shule isiwauzie wazazi somo ambalo ni deni lake

Wazazi wa Butembo, Beni na Lubero wanaijua barua hii. Inakuja siku ya kutangaza matokeo, pamoja na buletini. Imeandikwa na mhasibu wa shule, ina muhuri, na inaanza kwa heshima: "Wazazi wapendwa." Kisha inaeleza kwamba watoto wamechelewa katika programu, kwamba shule imepanga masomo ya kujazia wakati wa vakansi, na kwamba kila mtoto alipe kiasi fulani kabla ya tarehe fulani. Chini kabisa kuna mstari mmoja mfupi: mtoto asiye na risiti hataingia darasani.

Mstari huo ndio wenye shida. Masomo ya kujazia yenyewe ni jambo jema, na jimboni Kivu Kaskazini yanahitajika sana. Kanyabayonga ilipoanguka mwishoni mwa Juni 2024, familia nyingi zilikimbilia Lubero na Butembo, na watoto wao wakaingia katika mashule mapya wakiwa wamepoteza majuma mengi, wengine bila hata kaye moja mkononi. Mtoto kama huyo ndiye aliye nyuma kuliko wote. Lakini barua ikisema "bila risiti hakuna kuingia," ndiye wa kwanza kubaki nje.

Barua hizi huchanganya vitu viwili tofauti. Kitu cha kwanza ni somo lililokuwa katika programu ya mwaka lakini halikufundishwa, kwa sababu ya vita, ya mgomo au kwa sababu mwalimu hakufika. Hilo ni deni la shule kwa mtoto. Kitu cha pili ni msaada wa kuongezea: mazoezi ya hesabu au ya Kifaransa kwa mtoto anayetaka kujitayarisha vizuri kwa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Huo ni wa hiari, na mzazi anaweza kuulipia akitaka. Mhasibu akiviweka vyote viwili katika barua moja kwa bei moja, mzazi analipa deni la shule akidhani ananunua msaada.

Katika shule ya msingi ya serikali, sheria haina maneno mawili. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2006 kinasema elimu ya msingi katika mashule ya serikali ni ya lazima na ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kuitekeleza nchini kote. Mashule ya makanisa yaliyo na mapatano na serikali yamo ndani ya hesabu hiyo. Shule kuwa ya Wakatoliki au ya Waprotestanti haiifanyi kuwa ya binafsi. Katika sekondari wazazi bado wanalipa, lakini huko pia malipo hupangwa kwa uamuzi wa liwali wa jimbo. Mhasibu hupokea pesa na kuandika risiti. Hana mamlaka ya kuunda malipo mapya kwa saini yake peke yake.

Tuchukue mfano mmoja tuuhesabu. Tuseme barua inaomba faranga 25.000 kwa kila mtoto, kwa siku 10, kuanzia Jumatatu ya kwanza ya vakansi hadi Ijumaa ya wiki ya pili, saa tatu za masomo kila siku. Darasa lina watoto 40. Wote wakilipa, darasa hilo peke yake linaingiza faranga 1.000.000, yaani 100.000 kila siku, kwa mwalimu mmoja na chaki. Mwalimu atapata ngapi? Ngapi zitabaki ofisini? Kama barua haijibu maswali hayo mawili, haijakamilika.

Sasa tuangalie upande wa mzazi. Mama aliyehama ana watoto watatu katika shule hiyo, na anaishi katika familia iliyompokea. Kwake barua ni faranga 75.000. Imefika Ijumaa, na mwisho wa kulipa ni Jumatatu. Mtu anayelima shamba la wengine kwa malipo ya siku hawezi kupata pesa hizo kwa siku tatu. Atachagua mtoto mmoja, na wale wawili watakaa nyumbani. Kwa hiyo hata tarehe pekee inaweza kumfungia mtoto mlango kabla bei haijazungumzwa.

Wahasibu na wakuu wa shule wana jibu lao, na lisikilizwe. Walimu wengine wanafundisha miaka mingi bila kuingia katika orodha ya malipo ya serikali. Wale walioingia wanapokea mshahara mdogo, mara nyingine kwa kuchelewa. Kumwomba mtu wa namna hiyo afanye kazi siku za mapumziko bila chochote ni kumwonea. Hilo ni kweli. Lakini deni la serikali kwa mwalimu haliwezi kugeuzwa kuwa deni la mtoto aliyekimbia vita. Wazazi wakitaka kumsaidia mwalimu, waamue wenyewe katika mkutano wa komite ya wazazi, kwa kiasi walichokubaliana, na mtoto wa asiye na kitu aketi pamoja na wengine.

Kuna njia rahisi ya kujua kama shule imeuza somo la programu. Siku masomo yanapoanza tena baada ya vakansi, mzazi achukue kaye ya mtoto wake na kaye ya mtoto aliyelipa. Kama mwalimu anaendelea kutoka pale alipofika wakati wa vakansi, bila kurudia kwa wale waliobaki nyumbani, basi programu iliendelea kwa wenye pesa tu. Kaye hizo mbili ni ushahidi, na mzazi anaweza kuzipeleka kwa direkta, kwa komite ya wazazi, na wakikataa kusikia, kwa ofisi ya elimu inayosimamia mashule ya eneo hilo.

Barua ya haki ingeweza kuenea katika karatasi moja. Ingekuwa na saini ya direkta na ya mwakilishi wa wazazi pamoja na ile ya mhasibu. Ingetaja masomo yaliyokosekana, ambayo yatafundishwa bure kwa wote, na kando yake mazoezi ya hiari pamoja na bei yake. Ingetoa nafasi ya kulipa kidogo kidogo, na ingeandika wazi kwamba buletini haitazuiliwa na kwamba mtoto wa familia iliyohama hatafukuzwa.

Mpaka barua ya namna hiyo ifike, wazazi wasilipe mmoja mmoja mlangoni pa ofisi. Waombe mkutano kwanza, kabla ya tarehe iliyoandikwa, na swali la kwanza liwe hili: ni masomo gani ya programu ambayo hayakufundishwa, na nani aliamua yawe ya kulipiwa?